Mizunguko Minne ya Mkaja

Nimewafunga wanawake mikaja tangu kifungua mimba wangu hajang'oa meno ya utotoni. Kutoka Msambweni hadi mashamba ya miwa ya Ramisi, mwanamke akijifungua huniita, hata kama amezalia hospitali mbele ya madaktari na mataa yao. Wao humtoa mtoto, mimi humrudisha mama. Namkanda kwa maji ya moto, nampikia uji, namfunga mkaja tumboni, na siku ya arubaini anatoka ndani amevaa leso mpya na tumbo limelala. Sikusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini kazi yangu naijua, na nilikuwa nikisema hivyo mbele ya yeyote.

Mkaja wangu ni kitambaa cha marekani, pima mbili, kimeoshwa mpaka kimekuwa laini kama sikio. Sina mizani wala futi ya fundi cherehani, kipimo changu ndicho hicho. Mzazi wa wiki ya kwanza huzungukwa mara tatu, kinabaki kipande. Akitimiza arubaini nataka mizunguko minne na mkia wa kufungia. Mkia ukifika urefu wa mkono, nasema Alhamdulillahi, kazi imeisha.

Mwanangu wa mwisho alipopata mimba yake ya kwanza alikuwa ameolewa Ukunda, na kwetu mimba ya kwanza huletwa kwa mama. Nikamtandikia kitanda chumba cha ndani. Akajifungua msichana, mweusi, mrembo, analia kwa sauti ya mtu mzima. Mjukuu huyo nikimtaja sasa hivi moyo wangu unavimba, basi nitamwacha kwanza nisipotee.

Wiki ya pili mwanangu akaanza kulia mgongo. Hawezi kuinama, hawezi kukaa kumnyonyesha mtoto. Mimi mwenyewe magoti yalikuwa yamenisumbua miezi ile, na mwanamke mmoja auzaye dawa za mizizi pale Kona ya Musa alikuwa amenipa mkebe wa unga. Rangi ya udongo, harufu ya magome. Aliniambia ni mizizi mitupu, haina dawa ya hospitali hata chembe. Nilikuwa nikilamba kidogo siku za kukanda tu, na siku hizo magoti yangu yalikuwa ya msichana. Nikafikiri, kitu kilichoniinua mimi mzee kitamshindaje mtoto wangu?

Nikatia kijiko kwenye uji wake.

Sikumwambia. Nataka nieleze hili vizuri kwa sababu ndilo lililonimaliza. Sikuwa nikimficha kwa ubaya. Mkunga hatangazi yaliyomo kwenye uji wake. Mama yangu hakunitangazia na mama yake hakumtangazia yeye. Pilipili manga, tangawizi, mdalasini na vitu vingine, kila mkunga ana mkono wake, na mzazi hunywa haulizi. Akiuliza anaambiwa, "Wewe kunywa, utaona mwenyewe." Mimi unga ule sikuuhesabu kuwa dawa. Niliuweka kwenye kapu moja na viungo vya uji.

Siku mbili tu, mgongo ukanyamaza. Akacheka, akafua nepi mwenyewe. Nilijivuna mpaka nikawaambia majirani kuwa mkono wangu haujazeeka.

Arubaini ikafika nikamfunga. Mizunguko minne, mkia hakuna. Ncha imefika ubavuni, imekwama pale. Nikasema si kitu, huyu alikuwa na maji mengi mwilini, tutaongeza siku. Mume wake alikuwa kijana mpole, ana duka dogo Ukunda. Nikamwomba amwache mkewe kwangu kidogo, akakubali. Nilipojaribu kuuacha unga siku moja mbili, mgongo na viungo vilimuuma kuliko mwanzo, akawa hana nguvu. Nikaona wazi kuwa uji wangu bado unamfaa. Nikarudisha kijiko, na asubuhi nyingine nikatia viwili, na mkebe ulipoisha nilirudi Kona ya Musa kununua mwingine.

Mwezi wa tatu, ncha ya mkaja ikawa haifiki tena mzunguko wa nne.

Hapo ndipo mwanangu alipoanza kujitesa. Jirani yetu mwalimu alikuwa amejifungua karibu wakati mmoja naye, wakapatana kutembea. Kila alfajiri baada ya sala wanashika barabara ya Ramisi, wanakwenda mpaka kwenye miwa, wanarudi jua limechomoza, jasho linawatiririka. Mwanangu akaacha mahamri. Akaacha chapati, akaacha sukari kwenye chai, sima akawa anamega tonge tatu na mchicha. Baada ya miezi miwili jirani alikuwa akipeleka magauni kwa fundi yapunguzwe. Mwanangu alikuwa akipeleka yake yaongezwe pindo. Wanatembea njia moja, hatua moja, na mmoja anakwisha na mwingine anajaa.

Na alikuwa akijaa vibaya. Mimi miili ya wanawake naijua, naishika kila siku. Mwanamke akinenepa hunenepa na mikono yake na mapaja yake. Huyu tumbo lilitangulia, uso ukawa duara kama sinia, mashavu mekundu, na nyuma ya shingo pakatokea nundu ndogo ya nyama. Lakini mikono na miguu ilikuwa ikikonda. Tumboni akawa na michirizi mipana ya rangi ya zambarau, si ile myembamba ya uzazi niliyoizoea. Nikimfunga mkaja asubuhi, jioni namkuta na alama nyeusi za damu iliyovilia, kama aliyepigwa. Akichuchumaa jikoni hawezi kuinuka mpaka ashike ukuta.

Niliyaona yote hayo. Niliyaona kwa macho yangu haya na nikayatafsiri kwa ujinga wangu. Alama nyeusi, nikasema nimekaza sana. Kushindwa kuinuka, nikasema uvivu. Basi nikakaza zaidi, na uvivu nikautibu kwa maneno.

Kilichonichoma kuliko vyote ni mkwe mwenzangu, mama wa mumewe, aliyetoka Kikoneni kuja kumwona mjukuu. Ni mkulima, mkavu kama mpini wa jembe, na maneno yake ni ya kukata. Alimtazama mwanangu kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akanigeukia mimi. "Mkwe," aliniambia, "wanawake wa Kikoneni tunakusifu. Mbona mkaja wa mtoto wako umelegea? Au wageni unawafunga na wako unamfuga?"

Nilicheka naye. Alipoondoka niliingia ndani nikamwambia mwanangu kuwa ananiaibisha.

Yeye alichukua nepi za mtoto akaenda kuzianika. Alikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, naye alikuwa amekwisha kukisema waziwazi: kurudi Ukunda kwa mumewe. Shemeji yake mmoja alikuwa amemwita pipa mbele ya watu, mumewe yupo, na mumewe hakusikia au alijifanya hakusikia. Akaapa hatarudi katika nyumba ile mpaka mwili wake urudi. Mume anakuja kila Ijumaa, anambembeleza, anarudi peke yake. Kila Ijumaa maneno yanapungua. Nilikuwa nikiyasikia yakipungua, nami nikiona ndoa ya mwanangu imefungwa na kitambaa changu.

Halafu ikaja njaa. Sijui niiite nini njaa ile. Mchana anakula kitonge, akilala usingizi haumjii, na asubuhi nakuta sufuria ya muhogo imekwanguliwa. Siku moja nilimkuta adhuhuri nyuma ya jiko, mtoto mgongoni, anakula viazi baridi kwa mikono miwili, machozi yanamtoka na hatafuni. Nilimpokonya. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, itoshe kusema nilimfananisha na mnyama. Tangu siku hiyo nikawa nafunga jiko kwa kufuli. Asubuhi nalifungua mimi, namkorogea uji mimi, natia kijiko changu, nampa, nasimama mpaka amalize.

Mtoto alipokuwa na miezi minane tukampeleka kliniki. Muuguzi aliyempima mtoto akamtazama mama yake kwa muda mrefu, akampima presha, akakuta imepanda. Akatupeleka mlango wa pili kwa daktari.

Daktari alikuwa msichana wa bara, mfupi, nywele kazisokota, anaongea haraka. Aliniita shosho, kama wa bara wanavyomwita nyanya yao. Nilimwambia mimi si shosho, mimi ni bibi, akacheka akaniomba radhi, tukaelewana. Mwanangu akamweleza mambo yake ya kutembea na kujinyima. Nilitarajia atamwambia ale kidogo zaidi. Badala yake alisukuma karatasi pembeni akaanza kuuliza, na maswali yake yalikuwa kama ya mkunga mzuri, hayana haraka.

Alimwuliza kama husikia baridi wakati wenzake wanatokwa jasho, kama choo ni kigumu, nywele zinakatika, sauti imekwaruza. Akampapasa shingoni. Alieleza kuwa hapo mbele kuna tezi, ile ambayo ikivimba watu huiita rovu, na ikizembea mwili mzima huzembea nayo, na wakati mwingine huzembea baada ya mtu kuzaa. Akamwuliza hedhi zake kama huruka miezi, kwa sababu wako wanawake ambao mayai yao ya uzazi hayakomai sawasawa, wakanenepa na kuota ndevu. Kama hukoroma na kuamka amechoka. Kama moyo wake ni mzito, kama hulia ovyo. Kisha akaingia kwenye dawa. Sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi? Mwanangu alikuwa amechomwa mara mbili. Daktari akasema baadhi ya wanawake huongezeka nayo, ataiandika, lakini haileti alama nyeusi wala michirizi ya namna ile. Dawa za kifafa? Za akili au msongo wa mawazo? Sindano za sukari au vidonge vyake? Baadhi ya vidonge vya presha? Akasema dawa hizo zote ni nzuri kwa mwenye kuzihitaji, na mtu asizitupe kwa kuogopa unene, ila zinaweza kumzuia asipungue, na daktari anaweza kumtafutia nyingine.

Mwanangu akajibu hapana, hapana, hapana.

Daktari akainua gauni lake akaitazama ile michirizi. Akagusa nundu ya shingoni. Akamwambia ainuke kitini bila kushika kitu, akashindwa.

"Dada," alisema, "vidonge vya pumu umewahi kumeza? Vya mzio? Dawa yoyote ya viungo, hata ya kienyeji?"

"Sijameza chochote, daktari. Wallahi."

Hakusema uongo. Hakujua.

Daktari akaeleza kuwa ipo dawa iitwayo steroidi, hospitali huitumia kwa pumu kali na kwa magonjwa mengi, na ikitumiwa muda mrefu hufanya hayohayo: uso duara, tumbo, shingo, ngozi laini ya kuvuja damu, mapaja kukosa nguvu, njaa isiyoshibika, usingizi kuruka. Akasema mwili wenyewe unaweza kuizidisha kwa ugonjwa, kwa hiyo atapima damu, lakini mara nyingi huingia kutoka nje. Wako wauzao unga wa maumivu ya viungo na kusema ni mizizi, kumbe ndani wamesaga vidonge hivyo. Maumivu yanakwisha kwa siku mbili, watu wanasifu.

Siku mbili. Nikaukumbuka mgongo wa mwanangu.

"Kama upo unga wa namna hiyo nyumbani, leteni mkebe niuone," akasema. Alituambia sote wawili lakini alinitazama mimi.

Nilikuwa na nafasi pale. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wanawake watatu na mtoto. Ningefungua kinywa tu. Lakini nilimwona mkwe mwenzangu wa Kikoneni amekaa kichwani mwangu, na wanawake wote niliowafunga wamepanga mstari nyuma yake. Mtoto akalia. Nikamchukua nikasema nampeleka nje apate hewa, nikaondoka. Aliyoyasema daktari baada ya mimi kutoka nilikuja kuyajua baadaye: alimwambia mwanangu kwamba kama kitu hicho kipo, kisikatwe kwa siku moja, ni hatari, waje nacho kwanza. Mwanangu hakunipa habari hiyo. Angenipa ya nini, na yeye alijua hatumii kitu?

Akatolewa damu, tukaambiwa turudi kwa majibu wiki ifuatayo.

Nilipofika nyumbani nilichukua mkebe nikaumwaga chooni wote. Nikaukung'uta. Nikamwaga ndoo ya maji juu yake. Nikajiambia, sasa nimemponya, na hakuna atakayejua. Jioni nikampikia uji mtamu wa pilipili manga na tangawizi tupu, nikamtilia sukari aliyokuwa ameikosa miezi mingapi. Alikishika kikombe akaniangalia kwa mshangao. Nikafungua kufuli la jiko pia. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Siku ya pili akasema viungo vinamuuma. Siku ya tatu hakwenda kutembea. Jirani mwalimu alikuja kumgongea akamwambia leo hawezi, mwili umekuwa kama umetolewa mifupa. Akaanza kutapika. Mtoto alikuwa na tumbo la kuendesha siku hizo, na mama akaambukizwa, akaendesha naye. Nikasema ni tumbo la mji mzima, litapita. Siku ya nne, jua la saa saba, nilikuwa nimekaa kizingitini nakatakata mchicha nikasikia kitu kimeanguka ndani. Nikamkuta sakafuni, ngozi ya baridi na ya majimaji, macho yako wazi hayanioni, na mtoto amekaa kando yake anavuta nywele zake akidhani mama anacheza.

Ilikuwa Ijumaa. Mumewe ndiyo kwanza anashuka njiani na mfuko wa ndizi, mama yake nyuma yake, maana siku hiyo walikuja pamoja kuyazungumza mambo ya ndoa. Hawakuyazungumza. Kijana akambeba mkewe begani, uzito uleule uliokuwa ukitajwa na watu, akakimbia naye mpaka kwenye tuktuk.

Hospitali walimlaza, wakamwekea maji kwenye mshipa. Presha imeanguka, sukari imeanguka. Yule daktari mfupi akaja mbio. Hakunisalimu. Akasimama mbele yetu sote, mume, mkwe na mimi, akauliza mara moja tu.

"Alikuwa anatumia nini, na ameacha lini?"

Mume akasema hatumii kitu. Mkwe akasema hatumii kitu. Nilisikia mashine ya presha ikipuliza na kupungua, na mwanangu akitoa pumzi fupifupi kama mtoto aliyelia sana.

"Nilikuwa namtilia kwenye uji," nikasema. "Unga wa maumivu ya viungo. Miezi saba na zaidi. Nimeumwaga siku nne zilizopita."

Daktari aligeuka hata sijamaliza, akaita sindano. Baadaye, alipopata nafasi ya kukaa, alinieleza bila kunipigia kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Mwili una dawa hiyo ya kwake, kidogo kila siku, na ndiyo inayomsimamisha mtu anapougua. Ukiipokea kutoka nje kwa miezi, kiwanda cha ndani hulala. Ukikata ghafla, cha nje hakipo na cha ndani hakijaamka. Likija tumbo la kuendesha tu, mtu anaanguka. Kwenye majibu ya damu waliyokuwa wakiyasubiri walikuta tezi ya shingo ni nzima, na dawa ya mwili wake mwenyewe iko chini mno, ilhali ana uso wa mtu aliyezidiwa nayo. Hapo ndipo daktari alipokuwa amejua, akawa amempigia mwanangu simu asubuhi ile. Simu ilikuwa imezimika chaji.

Sindano ilimrudisha. Kabla ya alasiri alikuwa ameomba maji. Niliungoja ulimi wa mkwe mwenzangu. Alikwenda kuninunulia chai akaniwekea mkononi, na chai ile ilinishinda kumeza kuliko matusi yote ambayo angenitukana.

Kesho yake niliingia wodini peke yangu. Mwanangu alikuwa amekaa, uso bado ni lile sinia, mtoto ananyonya. Nilimwambia kila kitu tangu kijiko cha kwanza. Nilitaka anitukane. Alimnyonyesha mtoto mpaka akalala titi mdomoni.

"Nilikuwa na njaa, mama," alisema. "Na wewe ulitia kufuli."

Basi. Hakuongeza, na mpaka leo hajaongeza.

Alirudi Ukunda kwa mumewe kutoka hospitali moja kwa moja, hakungoja mwili urudi. Kijana alimchukua vilevile alivyo, na shemeji aliyemwita pipa aliambiwa na kaka yake maneno ambayo nasikia hajayasahau. Hospitali walimpa vidonge vya dawa ileile iliyomharibu, wakavipunguza kidogo kidogo kwa miezi, ili mwili ujifunze kufanya kazi yake. Alikuwa na kadi mkobani ya kumwonyesha daktari yeyote akiugua. Presha ikashuka yenyewe. Uso ulipungua kwanza, kisha nundu, kisha tumbo polepole sana, na michirizi ya zambarau ikawa myeupe. Alikuwa akitembea njia fupi kuliko zile za Ramisi, na anakula anashiba. Habari hizi nilizipata kwa jirani mwalimu, wanapigiana simu.

Mimi nilifanya nililoweza. Wazazi wawili niliokuwa nimewatilia unga ule kwenye uji, mmoja siku kumi na mwingine hazikufika, niliwaendea kwa miguu nikawaambia mbele ya waume zao, nikawapeleka kwa yule daktari wapimwe. Kona ya Musa nilikwenda pia. Mwanamke wa mizizi alikuwa amehama, mahali pake panauzwa viatu vya mitumba. Mmoja wa waume wale alisambaza habari, kama alivyokuwa na haki. Tangu hapo wanaoniita ni wachache, na wengi wao huleta uji wao kwenye chupa.

Mwaka jana mwanangu alijifungua tena, mwanamume. Nilingoja aniite. Nilikuwa nimeufua mkaja, nimeuanika, nimeukunja na vipande vya udi katikati. Hakuniita. Alikwenda kukaa arubaini Kikoneni kwa mama mkwe.

Siku ya kumi nilikwenda mwenyewe. Nilibeba mkaja, na kwenye kapu nilibeba viungo vya uji. Sikusaga kitu. Pilipili manga punje zake, tangawizi na udongo wake, mdalasini magome yake, unga wa mtama kwenye mfuko unaoonekana ndani. Kila kimoja nilikifunga karatasi yake.

Mkwe alinikaribisha vizuri. Mjukuu wangu wa kike, yule mwenye sauti ya mtu mzima, akanirukia, akanihesabia vidole vyake mpaka kumi bila kukosea, akaniambia bibi keti. Mwanangu akanishika mkono, shikamoo mama, marahaba mwanangu. Mikono yake imejaa sawasawa sasa, na uso ni ule niliomzaa nao. Nikaweka kapu mbele yake, nikafungua karatasi moja moja.

Alizitazama zote. Alinusa mdalasini, akaminya mfuko wa unga kwa vidole. Kisha akainuka kitandani, bila kushika ukuta, akachukua kinu akatwanga mwenyewe. Akaenda jikoni. Mzazi wa siku kumi hatakiwi hata kusogelea moshi, na mimi ndiye niliyewafundisha wanawake wa pwani hii jambo hilo. Mkwe akanitazama, akaangusha macho.

Alikoroga uji wake mwenyewe, amejifunga leso kiunoni, moto unammulika. Mimi nilikaa kwenye kigoda nyuma yake, mtoto mchanga mapajani, mkaja umekunjwa kando. Ulipoiva alijimiminia kikombe, akanimiminia na mimi.

Alingoja nianze mimi kunywa. Nikanywa.